Aya Inapopotea Njia: Kumsaidia Mtoto Kupanga Insha ya Kiingereza Pasipo Kumwandikia

Katika madaftari ya insha ya wanafunzi wa sekondari, wino mwekundu wa mwalimu huwa wa namna mbili. Upo ule unaozungushia neno lililokosewa tahajia, au kitenzi kisichopatana na wakati wake. Huo mwanafunzi huuelewa mara moja, akafuta na kuandika upya. Upo na mwingine unaoshuka ubavuni mwa aya nzima kama mstari mrefu, na mwisho wake pameandikwa maneno machache tu: mada ni ipi hapa? Huu wa pili ndio unaowaacha watoto wetu wameduwaa, kwa kuwa hakuna neno lililozungushiwa, wala hakuna kosa la sarufi linaloonekana. Kila sentensi, ukiitazama peke yake, ni salama. Kilichoharibika ni safari ya kutoka moja hadi nyingine.

Aya tunayoikusudia hapa ni lile fungu la sentensi katika insha linaloanzia mstari mpya na kubeba wazo moja. Ikipotea njia, msomaji huingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine asijue alichokuwa akielezwa. Tuliziona aya za namna hiyo tulipokaa na familia mbili, moja ya Handeni na nyingine ya Korogwe, ambazo watoto wao wamo kidato cha tatu na cha nne. Jambo lililotuvutia ni kwamba katika nyumba ya Handeni aliyeigundua kasoro alikuwa mama aliyeishia darasa la saba, ambaye Kiingereza chake, kwa maneno yake mwenyewe, ni cha salamu tu.

Insha ya binti yake ilitokana na swali la kueleza taabu zinazowapata wanafunzi wa sekondari katika wilaya yao. Aya yake ya pili, tukiitia katika Kiswahili sentensi kwa sentensi, ilikuwa hivi:

"Handeni ni wilaya iliyomo katika Mkoa wa Tanga. Maji yetu hutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, nayo huvutwa kwa mashine hadi kwetu. Korogwe pia kuna soko na stendi ya mabasi. Mimi na dada yangu huamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani. Kwa hiyo tunafika shuleni tumechelewa, mwalimu amekwisha kuingia darasani. Mashine ikiharibika, yanakatika kwa siku nyingi. Mwaka jana nilikosa jaribio la hisabati kwa sababu hiyo. Serikali inapaswa kuchimba malambo. Wasichana ndio wanaotumwa maji kuliko wavulana."

Hizo ni sentensi tisa, na zote ni za kweli kwa mwandishi wake. Mwalimu aliuteremsha ule mstari mwekundu ubavuni na kumtaka aipange upya.

Kabla ya kuitengeneza aya ya namna hii, ni vema kujua inavyopotea, maana haipotei kwa ghafla. Mama alimtaka binti amsomee kila sentensi na kumwambia kwa Kiswahili inasema nini. Walipofika ya tatu, akamsimamisha.

"Mwanangu, hiyo ya soko imefuata nini?"

"Nilipoitaja Korogwe, mama, nikalikumbuka soko."

Jibu hilo linaeleza ugonjwa wote. Sentensi ya tatu haikuitwa na mada ya aya, bali iliitwa na neno moja lililotajwa katika sentensi ya pili. Ndivyo aya nyingi zinavyopotea: kila sentensi imemshika mkono jirani yake wa nyuma, lakini hakuna hata moja iliyoishika mada. Mwandishi haioni kasoro, kwa sababu kila hatua aliyopiga ilikuwa na sababu kichwani mwake. Anayeiona ni msomaji, ambaye hana kumbukumbu za mwandishi za kumwongoza. Aya inakuwa imefuata mpangilio wa kukumbuka, ilhali msomaji anahitaji mpangilio wa kueleza.

Ndiyo maana mama yule aliweza kusaidia. Kasoro ya mpangilio haimo katika Kiingereza. Imo katika maana, na maana ikitiwa katika Kiswahili haipungui. Pengine hudhihirika zaidi, kwa kuwa macho hayashughuliki tena na tahajia.

Kazi yenyewe waliifanya kwa penseli na karatasi. Binti aliziwekea sentensi namba, ya kwanza hadi ya tisa, kisha akazinakili kila moja katika ukanda wake wa karatasi na kuzikata kwa mkasi. Nyuma ya kila ukanda akaandika kwa Kiswahili, kwa maneno matatu au manne, jambo inalolisema: Handeni iko wapi, maji yanatoka wapi, soko la Korogwe, kuamka alfajiri, kuchelewa, mashine kuharibika, jaribio nililokosa, malambo, wasichana hutumwa. Vipande vikalazwa mkekani vikiwa vimegeuzwa upande wa Kiswahili. Kuanzia hapo hadi karibu na mwisho, Kiingereza hakikuhitajika.

Hatua iliyofuata ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuipata sentensi ya mada. Sentensi ya mada ni ile inayomwambia msomaji aya nzima inakwenda kuthibitisha nini. Zile tisa zinataja mahali, mashine, saa, na jaribio, lakini hakuna hata moja inayosema haya yote yanakusanyika wapi. Inabidi iandikwe mpya, na hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa aya iliagizwa ipangwe upya bila kubadilishwa yaliyomo. Sentensi mpya haina budi kutungwa kwa mali iliyomo tayari ndani ya vipande.

Jaribio la kwanza la binti lilikuwa: "Tatizo la maji ni kubwa Handeni." Ni kweli, lakini ni pana mno. Chini ya sentensi hiyo ungeweza kuweka habari za mifugo, za mashamba ya mahindi, za zahanati, hata za bei ya dumu la maji. Sentensi ya mada inayoweza kubeba kila kitu haimwongozi msomaji popote. Jaribio la pili likaegemea upande wa pili: "Wasichana wote wa Handeni hufeli kwa sababu ya maji." Mama akauliza ni kipande kipi kinachosema wote, na ni kipi kinachosema hufeli. Vipande vilipekuliwa, havikuonekana. Binti alikuwa amesema kwamba wasichana hutumwa kuliko wavulana, kwamba yeye na dada yake huchelewa, na kwamba alikosa jaribio moja. Kuchelewa na kukosa jaribio si kufeli.

La tatu likatulia: "Maji yanapokatika Handeni, wasichana hupoteza muda wa masomo kuliko wavulana." Kila sehemu ya sentensi hii ina kipande chake. Maji kukatika kumo katika sentensi ya sita, wasichana kuliko wavulana kumo katika ya tisa, na kupotea kwa muda wa masomo kumo katika ya tano na ya saba. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa wazazi: kila neno zito la sentensi ya mada lioneshwe kipande lilikotoka. Lisilo na kipande ni nyongeza.

Utaona pia kwamba sentensi iliyozaa mada ilikuwa ya mwisho katika aya ya awali. Hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mwandishi mchanga huanza kuandika akiwa hajajua anachotaka kusema, na hujua anapofika chini. Wazo lake bora hulala mkiani. Mzazi anayeitafuta mada na aanze kutazama sentensi mbili za mwisho.

Sentensi ya mada ilipopatikana, kila kipande kiliulizwa swali moja: je, wewe unaeleza kwa nini au kwa namna gani wasichana hupoteza muda wa masomo? Cha kwanza, cha mahali ilipo Handeni, hakikuweza kujibu. Ni habari njema lakini ni ya utangulizi wa insha, nacho kikapelekwa huko. Cha nane, cha malambo, kinatoa ushauri na wala hakielezi taabu. Insha ilikuwa na aya ya mwisho yenye mapendekezo, kikahamia huko. Cha tatu, cha soko na stendi, hakikupata nyumba, kikatiwa ndani ya bahasha. Hakikutupwa. Mtoto anapoambiwa sentensi yake ni ya kutupwa huitetea, lakini akiambiwa inasubiri mahali pake huiachilia bila ugomvi.

Vikabaki vipande sita pamoja na sentensi ya mada. Kuvipanga kulikuwa kwepesi kwa sababu mada yenyewe inadai mwendo wa sababu na matokeo: yaliyo mbali kwanza, ya karibu baadaye. Maji yanatoka mbali na huvutwa kwa mashine. Mashine ikiharibika maji hukatika. Maji yakikatika hutumwa wasichana. Wakitumwa huamka alfajiri. Wakiamka kwenda kisimani huchelewa. Na mmoja aliyechelewa alikosa jaribio. Kwa namba za awali, mpangilio ukawa wa pili, wa sita, wa tisa, wa nne, wa tano, wa saba.

Wengi wangeishia hapo na kuinakili aya. Lakini sentensi iliyohamishwa huja na viungo vya kule ilikotoka, na viungo hivyo huendelea kuelekeza kidole mahali ambapo pameshabadilika. Katika sentensi ya saba binti aliandika "kwa sababu hiyo". Katika aya ya awali sentensi hiyo ilitanguliwa na habari ya mashine kuharibika, kwa hiyo "hiyo" ilikuwa mashine. Katika mpangilio mpya imetanguliwa na habari ya kuchelewa, na "hiyo" imekuwa kuchelewa. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini dai limebadilika. Hapo mpangaji hana ruhusa ya kuamua mwenyewe, sharti amwulize mwandishi. Binti alipoulizwa alisema kwamba siku ile walikuwa kisimani tangu alfajiri, na alipofika shuleni wenzake walikuwa wanakusanya karatasi. Basi sababu ilikuwa kuchelewa, na mpangilio mpya ukawa umesema kweli kuliko ule wa kwanza. Lau angejibu kwamba shule ilifungwa siku hiyo kwa kukosa maji, sentensi ingelazimika kutaja sababu hiyo waziwazi au kukaa mahali pengine.

Kiungo cha pili kinahitaji maelezo zaidi, maana kinagusa tofauti ya lugha hizi mbili. Katika sentensi ya sita binti aliandika kwamba mashine ikiharibika, "yanakatika kwa siku nyingi". Msomaji wa Kiswahili hasumbuki. Hiyo "ya" inamwambia kwamba kinachokatika ni maji, ingawa maji yalitajwa sentensi nne nyuma na katikati pamepita soko, stendi, kisima na mwalimu. Ngeli zetu ni kamba ndefu zinazoweza kuvuka vitu vingi zikamfikia mwenyewe. Kiingereza hakina kamba hiyo. Maji, mashine, soko, kisima na darasa vyote hupewa kiwakilishi kimoja kile kile, na msomaji hukipachika kwa jina lililo karibu. Sentensi ya binti katika Kiingereza ilisomeka kana kwamba mashine ikiharibika, mashine hiyo husimama kwa siku nyingi. Maji hayakuwamo tena.

Tunaamini hapa ndipo ilipo sababu moja ya watoto wenye akili nzuri kuandika aya zinazotawanyika katika Kiingereza huku masimulizi yao ya Kiswahili yakieleweka. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari masomo karibu yote huhamia Kiingereza. Mtoto huhama na mazoea ya kuziachia ngeli kazi ya kuunganisha, asijue kwamba katika lugha ya pili kazi hiyo hufanywa na ukaribu wa sentensi na kurudiwa kwa jina lenyewe. Dawa yake ni fupi: baada ya kupanga vipande, kila kiwakilishi kiulizwe ni cha nani, na pale ambapo majina mawili yanaweza kujibu, jina litajwe tena. Kurudia neno maji mara tatu katika aya moja si aibu.

Aya iliyotoka mikononi mwa binti, tukiirudisha tena katika Kiswahili, ni hii:

"Maji yanapokatika Handeni, wasichana hupoteza muda wa masomo kuliko wavulana. Maji yetu hutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, nayo huvutwa kwa mashine hadi kwetu. Mashine ikiharibika, maji hukatika kwa siku nyingi. Hapo wasichana ndio wanaotumwa maji kuliko wavulana. Mimi na dada yangu huamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani. Kwa hiyo tunafika shuleni tumechelewa, mwalimu amekwisha kuingia darasani. Mwaka jana nilikosa jaribio la hisabati kwa sababu hiyo."

Kilichoongezwa ni sentensi ya mada na neno "hapo". Kilichorudiwa ni jina la maji. Mengine yote ni yake. (Tuseme pia, ingawa si mada yetu, kwamba saa kumi ya alfajiri katika Kiingereza huandikwa saa nne. Mtoto akitafsiri namba kama ilivyo, msomaji atashangaa mtu anayeamka saa nne asubuhi akalalamika kuchelewa, na aya itaonekana haina mantiki kumbe tatizo ni saa.)

Kabla ya mama kuishika kazi hii, insha ile ilikuwa imepitia mikono mingine. Kaka mkubwa, aliyekuwa likizoni kutoka chuo, aliichukua aya jioni moja na kuirudisha ikiwa imenyooka. Sentensi ya mada ilikuwepo, mpangilio ulikuwepo, na Kiingereza kilikuwa cha kupendeza. Lakini ndani yake mlikuwa na asilimia 80 ya wasichana wanaoacha shule, idadi ambayo hakuna aliyejua ilikotoka, na dada aliyekuwa akiamka alfajiri alikuwa ametoweka. Jaribio la hisabati nalo halikuwamo, maana kaka aliliona dogo. Binti hakuipeleka aya ile shuleni. Alituambia kwamba mwalimu angemwuliza maana ya maneno mawili yaliyomo, naye asingeyajua.

Hatusemi kaka alikuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho wengi wetu hufanya tunapokabidhiwa maandishi ya mtu: tunayasoma, tunayaelewa kwa kadiri yetu, kisha tunaandika tulichokielewa. Hiyo ni insha nyingine. Kupanga upya ni kazi ya unyenyekevu zaidi, kwa maana anayeipanga hana haki ya kuongeza ushahidi, wala kuondoa mtu, wala kupandisha "baadhi" ikawa "wengi". Njia ya kujikagua ipo. Hesabu vipande vya mwanzo na vya mwisho. Kwa binti huyu vilikuwa tisa. Sita vimo katika aya, kimoja kimo katika utangulizi, kimoja katika mapendekezo, kimoja katika bahasha. Tisa wametimia. Hesabu isipotimia, kuna mtu amekula au amelisha.

Huko Korogwe tulikuta aya ya namna nyingine, ya kijana wa kidato cha nne aliyeulizwa katika somo la Historia kuhusu kilimo cha mkonge wakati wa Wajerumani. Yeye alikuwa na sentensi ya mada, tena mwanzoni kabisa: reli ndiyo iliyoleta utajiri wa mkonge Korogwe. Kisha akaandika kwamba reli ilifika Korogwe mwaka 1902; kwamba mkonge uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893 kutoka Florida; kwamba miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini; kwamba ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893; na kwamba kabla ya reli mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi.

Habari zake ni sahihi. Lakini mpangilio unaanzia mwisho kisha unarudi nyuma, na sentensi ya mada inaahidi jambo ambalo hakuna kipande kinacholilipa. Utajiri haukutajwa popote: hakuna tani, hakuna bei, hakuna shamba hata moja. Hii ni kasoro iliyojificha vizuri kuliko ile ya Handeni, kwa sababu aya inaonekana ina kichwa. Ukikagua kwa kipimo kile kile, neno zito "utajiri" halina kipande.

Hapo zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta ushahidi wa utajiri na kuuongeza, lakini huko ni kubadili yaliyomo, na ni kazi ya siku nyingine akiwa na kitabu mkononi. Ya pili ni kuishusha mada mpaka ilingane na mali iliyopo. Kijana alichagua ya pili, akaandika: "Mkonge na reli vilianza Tanga katika mwaka mmoja, lakini reli ilichukua miaka 9 kufika Korogwe." Kwa mada hiyo, mwendo wa sababu na matokeo hauhitajiki tena, na unaohitajika ni mwendo wa wakati: wapagazi kwanza, kisha miche ya Hindorf na mwanzo wa reli mwaka 1893, na mwisho reli kuingia Korogwe mwaka 1902. Dai lake limekuwa dogo, na sasa anaweza kulisimamia. Ni wazi basi kwamba hakuna mpangilio mmoja unaofaa aya zote. Mada ndiyo inayouchagua.

Desturi hii ya kutanguliza mada si kongwe kama watu wanavyodhani. Kanuni zake zilipangwa wazi na Alexander Bain, Mskochi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Aberdeen, katika kitabu alichochapisha mwaka 1866. Alitaka sentensi ya mwanzo ioneshe mada, na kila sentensi ioneshe waziwazi inavyohusiana na iliyotangulia. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1974, Mmarekani Richard Braddock alichunguza makala za waandishi wenye uzoefu na kukuta kwamba ni takribani aya 13 katika kila 100 zinazoanza na sentensi ya mada. Waandishi hao huificha katikati, huiweka mwisho, au huiachia aya nzima kazi ya kuidokeza.

Kwa nini basi tuwabane watoto? Jibu tulilopewa na mwalimu mmoja wa Kiingereza wa Korogwe ni la kiutendaji. Msomaji wa gazeti ana nafasi ya kusubiri, lakini msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake, na mwanafunzi anayetanguliza mada humrahisishia kuona kwamba kila kinachofuata kina kazi. Tena mwandishi mzoefu anayeificha mada anajua iko wapi. Mtoto asiyeiandika, mara nyingi, ni kwa sababu bado hajaipata.

Yapo maandishi ambayo njia hii haiyafai. Insha ya kusimulia kisa huongozwa na mtiririko wa matukio, na kuitangulizia mada ni kumwambia msomaji mwisho kabla ya mwanzo. Barua ya kirafiki nayo ina haki ya kutangatanga. Pia ziko aya ambazo sentensi ya mada haipatikani hata ukiitafuta usiku kucha, kwa kuwa ndani yake zimo aya mbili. Dalili yake ni kwamba kila mada unayoitunga inalazimika kuwa na "na" katikati, ikiunga mambo yasiyoshabihiana: maji ni haba na walimu ni wachache. Hapo usitunge, gawanya. Na njia hii haisahihishi sarufi. Aya ya binti wa Handeni ilirudi kutoka kwa mwalimu na miduara mitatu ya wino mwekundu juu ya vitenzi, lakini ule mstari mrefu wa ubavuni haukuwepo.

Katika chumba cha mtihani hakuna mkasi wala mkeka. Kinachobaki ni ule upande wa nyuma wa vipande. Mwalimu wa Korogwe huwazoeza wanafunzi wake kuandika kwa penseli, kabla ya kila aya, maneno machache ya kila sentensi wanayokusudia, kuyawekea namba za mpangilio, na kuandika sentensi ya mada baada ya kuziona namba hizo, ingawa itakaa ya kwanza. Anasema dakika tatu kwa aya zinatosha kwa aliyezoea. Binti wa Handeni, tulipomwacha, alikuwa bado anatumia saba, naye ana mwaka mzima mbele yake kabla ya mtihani wa kidato cha nne.